Jinsi nilivyonakili mistari ya Kidevanagari bila kujua kuisoma

Nilipewa picha ya kibao cha mawe cha Mji Mkongwe, Unguja, niyachape maandishi yake kwenye kompyuta. Kidevanagari, mwandiko unaotumiwa kuandika Kihindi na Kisanskriti, sikijui hata herufi moja, kwa hiyo nilifungua jedwali la herufi na kulinganisha maumbo.

Kilichonikwamisha ni neno शिव. Machoni, linaanza na ि, kijiti chenye upinde, kisha श. Nikichapa kwa mpangilio huo, kijiti kinatokea kimebeba duara la nukta. Duara hilo ni dalili kwamba alama ya irabu haina konsonanti ya kushikamana nayo. Kompyuta huhifadhi herufi kwa mpangilio wa sauti: kwanza sha, kisha i, ingawa jicho huiona i mbele. Basi nikachapa hivi, mstari wa pili ukiwa namba za herufi hizo kwenye jedwali:

```
श + ि + व
U+0936 U+093F U+0935
```

Kijiti kikaruka chenyewe kwenda kushoto.

Yakabaki mapacha. व na ब hutofautiana kwa mkato mdogo ndani ya tumbo tu, na jiwe lililolika hulificha hilo kabisa. म na भ nilizitenganisha kwa mstari wa juu: kwenye म umekamilika, kwenye भ umekatika kushoto. Nilikuza picha, nikachapa neno kwa ukubwa uleule, nikaviweka juu na chini, kisha nikakagua kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Palipofutika niliweka [?]. Kubahatisha ni kazi ya anayeijua lugha, si yangu.