Kliki kumi na moja za Webuye

Mwaka 2023 nilikuwa nashughulikia matangazo ya Google ya duka moja hapa Nakuru, linalouza mashine za wakulima wadogo: za kukata majani ya ng'ombe, za kukamulia, na hasa inkubeta. Mwenye duka ni mama mchangamfu ambaye wote tunamwita Mama. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, hukaa nyuma ya kaunta na vitabu vya mauzo, na yeye ni Mwalimu tu.

Kampeni kubwa ilikuwa ya Nakuru. Kwa mwezi ilikula shilingi 42,000, ikaleta kliki 1,400 na oda 28, yaani oda 2 katika kila kliki 100. Mauzo yakawa kama 560,000. Mwezi wa Julai nikaongeza vikampeni 40 vya inkubeta, kila kimoja na mji wake: Molo, Sotik, Malava, Webuye na kuendelea. Nilitenga hela kidogo sana kwa kila mji, kwa hiyo mwisho wa mwezi kila kimoja kilikuwa na kliki kama 11 na matumizi ya shilingi 330 hivi.

Tarehe mosi Agosti nikafungua ripoti na kuipanga kwa safu ya `Conv. value / cost`, yaani mauzo kwa kila shilingi ya tangazo, kubwa juu. Webuye ilikuwa kileleni. Kliki 11, oda 2, moja ya 18,000 na nyingine ya 45,000. Jumla 63,000 kwa matumizi ya 330. Kila shilingi ilikuwa imerudi na shilingi 190, wakati Nakuru, kampeni iliyokuwa inalipa mishahara ya duka, ilirudisha 13 na kitu. Nilisimama nikaenda hadi mlangoni, nikarudi, nikaangalia tena. Miji 7 ilikuwa na oda moja moja. Iliyobaki 32 ilikuwa na sifuri.

Nikamwambia, "Mama, tumekuwa tukilima shamba lisilo letu. Pesa iko Webuye."

"Wewe ndiye unajua hayo mambo, mwanangu," akasema.

Siku hiyo hiyo nikatoa 30,000 kwa Nakuru nikaipa Webuye, shilingi 1,000 kwa siku. Ile miji 32 ya sifuri nikaifunga yote. Sikuona kwamba nafanya kosa lile lile mara mbili, kwenda na kurudi.

Juma la kwanza pesa ilikataa kutumika. Watu wanaotafuta inkubeta Webuye kwa siku moja ni wachache, na hao wachache nilikuwa tayari nawapata. Badala ya kusoma ishara hiyo, nikalegeza maneno ya utafutaji na kupanua eneo hadi kilomita 40, Bungoma na Kakamega zikaingia. Hapo pesa ikaanza kwenda. Baadaye nilipofungua orodha ya maneno ambayo watu walikuwa wameandika kabla ya kubofya, nikakuta `bei ya vifaranga` na `jinsi ya kutengeneza inkubeta ya mbao`. Huyo wa mbao nilimlipia shilingi 40 aje kusoma ukurasa wetu wa mashine ya 45,000.

Mwisho wa Agosti Webuye ilikuwa na kliki 600, matumizi 24,000, oda 7. Kama zile 2 kwa 11 zingekuwa tabia halisi ya mji ule, ningehesabu oda zaidi ya 100. Nakuru, iliyobaki na 12,000 na alama ya `Limited by budget`, yaani bajeti haitoshi, ikiniangalia kila asubuhi, ilileta oda 8. Jumla 15, pale ambapo mwezi mmoja kabla Nakuru peke yake ilileta 28.

Mama hakufoka. Aliuliza tu kwa nini simu ya duka imenyamaza.

Mwalimu ndiye aliyeomba karatasi ya Julai. Aliisoma kwa kalamu, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: "Hii miji 40, ukiijumlisha?" Tukajumlisha. Kliki 440, oda 9. Ni 2 kwa 100 na chembe, sawa kabisa na Nakuru. Hakukuwa na dhahabu popote, wala hakukuwa na mji mbovu.

Nikabisha kwamba Webuye lazima ilikuwa na kitu. Hakujibu. Alimtuma kijana wa stoo dukani jirani akaleta njahi kidogo na punje za mahindi. Akahesabu njahi 49, akaongeza punje moja ya mahindi, akatia kwenye kikombe cha plastiki. "Hii ni soko lako. Moja katika 50 hununua. Kila mji ni sawa na mwenzake, nimehakikisha mwenyewe. Sasa chomoa bila kuangalia, useme umepata nini, rudisha, tikisa. Mara 11 ni mji mmoja."

Mvua ilikuwa inanyesha na wateja hawakuwepo, kwa hiyo tulifanya miji yote 40. Mimi nachomoa, yeye anaandika katika kijitabu cha risiti, akiupa kila mzunguko jina la mji kutoka kwenye orodha yangu. Ilichukua karibu saa nzima. Vidole vyangu vilianza kunuka vumbi la gunia.

Miji 31 haikupata mahindi hata mara moja. Miji 7 ilipata mara moja. Miji 2 ilipata mara mbili: Sotik na Malava. Webuye ilitoka sifuri.

Kisha akanifanyia hesabu pembeni. Mahali ambapo 2 kwa 100 hununua, kliki 11 zitatoka kapa mara 8 katika 10. Kwa miji 40 hiyo ni miji 32. Nikatazama ile karatasi ya Julai: 32. Na uwezekano wa angalau mji mmoja kutoa oda 2 au zaidi kwa bahati tu unapita nusu. Kwa hiyo nilipopanga ripoti kubwa juu, nilikuwa nimeuliza ni mji gani umebahatika kuliko wote, na jibu nikaliita soko. Aliongeza kwamba oda 2 kwa kliki 11 hazipingani na kiwango halisi cha 3 kwa 100, wala cha 50. Kipimo kinachokubali vyote viwili hakijapima.

Lililonimaliza lilikuja kesho yake. Niliwapigia wale wanunuzi wawili wa Webuye. Yule wa 45,000 alikuwa mama mfugaji, na yule wa 18,000 alikuwa shemeji yake, wameagiza usiku mmoja wakiwa wameketi sebule moja. Yule mfugaji alisema duka waliambiwa na mtu wa kanisani. Tangazo walilibofya kwa sababu lilikuwa juu. Kumbe hata zile 2 zilikuwa tukio moja.

Nilirudisha pesa Nakuru, nikaunganisha miji yote kuwa kampeni moja ili kliki zake zihesabiwe pamoja. Siku hizi ripoti naipanga kwa idadi ya kliki kwanza, na kampeni ndogo iking'aa naondoa oda yake moja kubwa kwa kalamu nione kinachobaki. Mama huniuliza mara kwa mara, kwa kicheko, kama nimeshawekeza Malava.