Jinsi nilivyopunguza fidia ya ucheleweshaji kwenye jengo la Wete

Mkataba ulikuwa wa shilingi milioni 180, na fidia ya ucheleweshaji ilikuwa asilimia 0.1 kwa siku, yaani 180,000. Jengo lilichelewa siku 40, na mshauri elekezi akakata 7,200,000 kwenye malipo yetu sisi wakandarasi.

Katikati ya ujenzi mwenye jengo alikuwa ameagiza kwa mdomo tangi la maji chini ya sakafu ya jiko. Jioni ile ile nilimwandikia barua ya kuthibitisha agizo lake, na barua hiyo ndiyo iliyonibeba. Tangi lenyewe lilikwishalipwa, lakini kulipwa kazi ya nyongeza hakuongezi muda. Muda huombwa kwa hoja yake. Kwa ratiba na daftari la kazi nilionyesha kwamba zege la sakafu halikuweza kumwagwa kabla ya tangi kukamilika, na kwamba kuta za ndani, vigae na milango vyote vilisubiri sakafu hiyo. Siku 28 zikakubaliwa. Agizo la kubadili rangi ya uzio sikulitaja, kwani halikuzuia chochote. Siku 12 za saruji iliyochelewa bandarini zilibaki kwangu, na fidia ikashuka hadi 2,160,000.

Cheti cha kukamilika kilipewa tarehe ile ile ya siku ya 40, jengo lilipoanza kutumika, ingawa orodha ya kasoro bado ilikuwa na makomeo mawili na mikwaruzo ya rangi. Kwa cheti hicho nililipwa 4,500,000, nusu ya fedha za zuio, yaani sehemu ya malipo yetu iliyokuwa imeshikiliwa kama dhamana ya kazi. Nusu nyingine inasubiri kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe.