Gramu ishirini za sukari

Simu ilikuwa ikilia saa 12 asubuhi, kabla sijafungua duka langu hapa Busia, upande wa Uganda. Mpwa wangu aliipanga Google Sheets itume ripoti yenyewe: mzigo wa jana, jumlisha ulioingia, toa uliouzwa, kisha linganisha na uliobaki. Jioni nilipima gunia la sukari lililobaki kwa mizani ya kuning'iniza, nikajaza. Asubuhi moja nikasoma:

```
SUKARI  imeuzwa 15.0  tofauti -1.2
```

Kilo moja na gramu 200 hazipo. Kesho yake tena, na siku iliyofuata pia. Kwa bei yangu ya 4,000, hiyo ni karibu 5,000 kila siku, na faida ya sukari ni ndogo mno. Nikamwita kijana wangu wa duka, nikamuuliza kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka. Machozi yakamlenga. "Mama, mimi sijachukua hata kijiko."

Siku ya nne mama mmoja mwenye shughuli alichukua kilo 30, tukampimia tano tano. Watu wengine walinunua robo 24. Nililala nikitarajia upungufu mkubwa, maana tuliuza kilo 36. Ripoti ikasema -0.6. Tumeuza zaidi ya mara mbili, upungufu umepungua nusu!

Nilikaa na karatasi. Siku ya kilo 15 zote zilikuwa robo, yaani tulipima mara 60. Siku ya kilo 36 tulipima mara 30 tu: sita za shughuli na zile robo 24. Gawanya 1.2 kwa 60, gawanya 0.6 kwa 30. Kote unapata gramu 20. Mwizi hawezi kuchota kwa hesabu hiyo. Sukari ilikuwa ikitoka kwenye kila pimo, liwe la robo au la kilo tano.

Nikaitoa mizani ya kaunta, vitanga vitupu, bila jiwe hata moja. Upande wa mawe ukashuka taratibu, ukatulia chini. Nikaweka sarafu mbili za mia tano upande wa sukari, mkono wa mizani ukakaribia kulala sawa. Hapo nikakumbuka: kitanga cha zamani kilipasuka, mimi mwenyewe nikanunua cha bati jepesi sokoni. Kila mteja alikuwa anapata sukari ya kufidia wepesi wa kile kitanga. Anayenunua robo alipata karibu gramu 270.

Sikutaka kuendelea kwa sarafu. Nilimpelekea fundi airekebishe, kisha ikakaguliwe na UNBS, shirika la viwango la Uganda, ipigwe muhuri upya.

Kabla ya hayo nilimwita kijana, nikamwonyesha mkono wa mizani ukishuka peke yake. Akautazama kimya. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Akaitikia, "Hakuna neno, Mama," lakini wiki nzima alinihesabia kila robo kwa sauti.