Chupa ya maji iliyorudi imejaa

Mwanangu ana miaka 7, ana usonji, na maneno yake ni machache. Mwaka jana, karibu kila siku akitoka shule, alikuwa akivuka kizingiti tu anaanguka sakafuni. Alipiga kelele, alijigonga kichwa ukutani, akimng'ata yeyote aliyemsogelea. Ndugu waliomwona walisema anadeka, nikimchapa mara moja ataacha. Na mimi, nakiri, kwa miezi kadhaa niliamini kwamba anasusa.

Siku iliyonifungua macho ilihusu kikombe. Aliingia, nikampa maji kwenye kikombe chekundu, akakitupa na kuanza kulia. Nikakimbilia cha bluu anachokipenda, nikamwekea mkononi. Hakukiangalia hata kidogo. Aliendelea kulia kwa dakika 35, macho yake yakinipita kana kwamba sipo, kisha akalala palepale mlangoni, amelowa jasho. Mtoto anayelilia kikombe akipewa kikombe hunyamaza. Huyu hakuwa analilia kikombe.

Asinielewe mtu vibaya: mwanangu anasusa pia, kama mtoto mwingine yeyote. Nikimnyang'anya simu hujitupa chini, lakini huchagua pahali pa kuangukia pasipoumiza, hunichungulia kuona kama namtazama, na nikihamia chumba kingine hunifuata aendelee kulilia huko. Akirudishiwa simu, kilio hukatika hapohapo. Ana anachokitaka na bado anajimudu. Hapo simpi. Nakaa karibu, namwambia mara moja kwamba simu imeisha, basi. Akizidiwa ni kitu kingine kabisa: hajali nani yupo, hajikingi asiumie, na hakuna cha kumpa kitakachomaliza, kwa sababu mwili na ubongo wake vimebeba sauti, mwanga na fujo kupita uwezo wake. Kuna nyakati kususa kunageuka kuzidiwa katikati ya safari. Nikiona ameacha kunitazama na ameanza kujiumiza, naachana na mambo ya simu na kuanza kumtuliza.

Baada ya siku ya kikombe nilianza kuandika kwenye daftari. Mwanzoni nilikuwa naandika kilichotokea dakika chache kabla: kikombe, kiatu, mlango uliobamizwa. Wiki nzima sikuona chochote kinachojirudia. Kisha nikaanza kurudi nyuma hadi asubuhi, nikimwuliza mwalimu siku ilivyokwenda, na nikaongeza safu ya mambo ya mwili: amelala saa ngapi, amekula nini, amekwenda chooni lini. Ndipo nikagundua kitu nilichokuwa nakishika kila jioni bila kukiona. Chupa yake ya maji ilikuwa inarudi imejaa. Na kila akitoka shule, akishatulia, alikimbilia chooni na kukojoa muda mrefu mno.

Nilimwendea mwalimu wake. Akasema, "Mama, huyu haendi chooni kabisa. Nikimpeleka anaziba masikio mlangoni na kurudi mbio." Tukaenda pamoja kutazama. Ndani kulikuwa na mashine ya upepo ya kukaushia mikono, na vigae vilivyofanya sauti yake irudi kutoka kila ukuta. Mtoto mwingine anaisikia kama kelele tu. Mwanangu ilimuuma, tena hakujua itawaka wakati gani. Kwa hiyo alijizuia asubuhi mpaka mchana, na ili aweze kujizuia aliacha kunywa. Juu ya kiu na kibofu kilichojaa wakati huo wote, ongeza mwangwi wa ukumbi wa chakula na kengele. Alijikaza mbele ya watu, akafika nyumbani, mahali anapojiona salama, mzigo ukamwangukia. Kikombe chekundu kilikuwa tone la mwisho tu.

Tulichobadilisha shuleni hakikugharimu kitu. Sasa anatumia choo cha walimu, kisicho na mashine, katikati ya kipindi wakati hakuna mtu. Kwenye ratiba yake ya picha tuliongeza picha mbili, ya choo na ya chupa, kwa sababu yeye haisikii kiu wala haja mpaka iwe imezidi. Anatoka darasani dakika 5 kabla ya kengele ya mwisho. Hedifoni za kuzuia sauti anazivaa ukumbini tu. Nilikosea mwanzoni kumwachia azivae siku nzima, na baada ya majuma machache hata kijiko kikigonga sahani kikawa kinamshtua. Tulizipunguza kidogo kidogo.

Kadi ya kuomba kutoka ndiyo iliyotusumbua. Ni kadi ya kijani, akiitoa anakwenda kwenye kona tulivu ya maktaba. Tulimfundisha akiwa ametulia, kwa mchezo, mara nyingi, maana mtoto aliyekwisha kuzidiwa hawezi kujifunza lolote. Siku ya tatu aliitoa, mwalimu wa zamu akamwambia amalize kwanza mstari mmoja. Hakuigusa tena kwa wiki mbili. Ilibidi tukubaliane kwamba kadi ikitolewa, anatoka, hata kama tunahisi anakwepa hesabu. Hesabu zinamsubiri akirudi, wala ile kona haitumiki kamwe kumwadhibu.

Nyumbani nilijifunza kutazama dalili za mapema. Kwake masikio hubadilika rangi, anaanza kuvuma kwa sauti moja, na swali moja analirudia mara kumi. Nikiziona nazima televisheni, nafunga mapazia, naacha kumwagiza chochote. Mara nyingi inatosha. Akishazidiwa, naondoa vitu vigumu, naweka mto kati ya kichwa chake na ukuta, kisha nakaa sakafuni ubavuni kwake, si mbele yake. Nasema "Nipo" mara moja, halafu nanyamaza. Zamani nilikuwa namwuliza "Una nini? Nani amekuudhi?" na kila swali lilikuwa kelele nyingine juu ya kelele. Simshiki kwa nguvu. Nilijaribu kumkumbatia, akaning'ata mkono, na namwelewa: sikuwa nimesubiri aombe. Siku hizi kishindo kikipungua huja mwenyewe na kunisukumia mto, na hapo ndipo namkandamiza mgongoni kwa kiganja kizima. Mguso mwepesi unamkera. Akimaliza nampa maji, naacha alale. Mazungumzo ya kilichotokea, ikiwa yapo, ni ya kesho, kwa picha.

Nilimpeleka pia kwa daktari, na ningemshauri mzazi yeyote afanye hivyo pale vipindi hivi vinapoanza ghafla au kuongezeka. Sikio, jino au choo kigumu vinaweza kuwa chanzo, na mtoto asiye na maneno hawezi kusema panapouma. Mwanangu alikuwa na choo kigumu, jambo lisiloshangaza kwa mtoto asiyekunywa maji, na dawa ilimsaidia. Mtoto anayekodoa macho pasipo kuitika, au kukakamaa, anahitaji kuchunguzwa kifafa, maana wenye usonji hukipata zaidi kuliko wengine.

Mwezi uliopita alizidiwa mara mbili. Mara moja ilikuwa siku ya zoezi la moto, ambalo hakuna aliyenitaarifu nimwandae. Ya pili bado sijaijua, na daftari lipo wazi mezani. Jana chupa ilirudi ikiwa na maji kidogo tu chini.