Nilivyofuatilia hati ya shehena na orodha ya upakiaji hadi kontena langu likatoka

Kontena langu la futi 20 lilipakiwa Ningbo: vyerehani vya nyumbani, vya kiwandani, na vipuri vyake. Muuzaji nilishammalizia fedha zake, na nauli ya meli nilimlipa wakala wa usafirishaji mwenye ofisi huko China na nyingine hapa Dar es Salaam. Wiki tatu baadaye wakala wangu wa forodha akanipigia: "Dada, bieli iko wapi? Na pakingi listi? Bila hizo siwezi hata kuanza." Alimaanisha hati ya shehena na orodha ya upakiaji.

Nikaanza kumwandikia yule wakala wa usafirishaji kila asubuhi. "Habari, hati zangu vipi?" Jibu halikubadilika: "Zinakuja, mama." Siku tisa zikapita hivyo. Swali langu lilikuwa pana mno, na swali pana humpa mtu nafasi ya kujibu bila kusema kitu.

Siku ya kumi niliomba kitu kimoja tu, namba ya kontena. Akanitumia, nikaiingiza kwenye tovuti ya kampuni ya meli, ikakataliwa. Wakala wangu wa forodha akaiangalia akasema imekosewa, kwa sababu tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na herufi nne na tarakimu sita zinazoitangulia, na hapa hesabu haikukubali. Nikadai picha ya mlango wa kontena iliyopigwa siku ya kupakia. Hiyo hawakuweza kuikosea. Namba sahihi ikaonyesha kontena limeshashushwa Colombo, linasubiri meli ya kuja Dar.

Nikaenda na namba hiyo ofisi ya kampuni ya meli. Hawakunipa hati, lakini waliniambia jambo kubwa: jina langu halipo kwenye hati yao. Mpokeaji aliyeandikwa ni ofisi ya Dar ya wakala wangu wa usafirishaji.

Hapo ndipo nikaelewa kuwa hati za shehena ni mbili. Moja hutolewa na kampuni ya meli kwa wakala. Nyingine wakala huitoa mwenyewe kwa mteja wake, na ndiyo yenye jina langu. Hata ningeipata ya kwangu, kama ile ya meli haijaachiliwa, mzigo hautoki. Kwa hiyo nilikuwa nadai karatasi, kumbe kilichokwama kiko juu yake.

Nikawaandikia ofisi ya wakala wa usafirishaji barua pepe yenye maswali manne. Namba ya hati ya meli ni ipi? Namba ya hati yangu ni ipi? Kampuni ya meli imeshalipwa nauli? Na mzigo utaachiliwa kwa hati halisi za karatasi au kwa teleksi, yaani hati halisi zirudishwe kule zilikotolewa na ofisi ya huku itumiwe ujumbe wa kuruhusu? Nikaambatisha risiti ya benki ya nauli niliyolipa. Swali la tatu ndilo lililowagusa. Walikiri kwamba fedha yangu waliipokea, lakini wao walikuwa hawajailipa kampuni ya meli.

Nilikasirika sana, maana ile fedha ilikuwa mtaji wa miezi. Lakini sikugombana nao kwenye simu. Nilikwenda ofisini kwao na barua ya wakala wa forodha inayotaja tarehe meli itakapofika na tarehe siku za bure za kontena zitakapokwisha. Nikawataka wasaini kwamba tozo zote baada ya hapo ni zao. Wakasaini. Siku ya nne teleksi ikatoka.

Orodha ya upakiaji ilikuwa kosa langu kuidai kwao. Anayeiandaa ni muuzaji, kwa kuwa ndiye aliyefunga maboksi. Waliyonitumia walikuwa wameichapa upya: maboksi 368, wakati hati ya shehena inasema 386. Kama ingewasilishwa hivyo TRA, maboksi 18 yangeonekana hayakutamkwa. Tena walijumlisha kila kitu kama "vyerehani", ilhali cherehani cha nyumbani, cha kiwandani na vipuri kila kimoja kina namba yake ya ushuru.

Nikamwandikia muuzaji moja kwa moja WhatsApp, akanitumia faili lake la awali jioni ileile. Maboksi 386, kila modeli na idadi yake, uzito halisi na uzito pamoja na vifungashio. Wakala wa forodha alilinganisha na ankara mstari kwa mstari, kisha jumla ya maboksi na uzito akailinganisha na hati ya shehena. Vikakubaliana.

Meli ilipofunga gati, tamko la forodha lilikuwa limeshaandaliwa. Ofisi ya wakala wa usafirishaji ilichelewa siku mbili zaidi kuchukua idhini ya kutoa kontena kutoka kampuni ya meli, na tozo ya siku hizo wakailipa wao, kwa ile karatasi waliyosaini.

Kwa mzigo unaofuata nimeshamwambia muuzaji anitumie orodha yake siku maboksi yanapoingia kwenye kontena, na rasimu ya hati ya shehena niisome kabla meli haijang'oa nanga.