Siku moja na chupa ya atari

Watu wakisikia nafanya grafiki wanadhani kazi ni kuketi chini ya feni, kubonyeza kitufe, picha ijikate yenyewe. Sibishani nao tena. Ila leo wacha niwaonyeshe siku moja, tena siku ya kawaida tu, hakuna kiroja. Ofisi ni chumba kimoja cha ghorofani nyuma ya Mwembe Tayari, meza mbili, laptopu moja na feni ambayo ina kelele kuliko upepo.

Saa moja unusu asubuhi nishavuka feri kutoka Likoni, nishakula mahamri na mbaazi. Saa mbili mpaka saa nne ni kadi za harusi, stika za muuza maji na kitabu cha risiti cha duka la vipuri, hizo zaenda zenyewe, hazina hadithi.

Saa nne na robo ikaingia meseji ya mama wa atari.

Huyu mama ana duka Mji wa Kale, mtu mzuri, mdomo mtamu, na anataka banna ya kusimama, zile za kukunjua, sentimita 85 kwa mita 2. Tulishakubaliana muundo: bakgraundi ya maruni iliyokolea karibu iwe nyeusi, moshi wa udi wapanda, mwangaza waja kutoka kulia, na chupa yake katikati ikiwa na urefu wa sentimita 60. Kilichobaki ni picha ya chupa. Nilimwomba anipigie kwenye bakgraundi plein, basi, niikate niiweke pale.

Alichotuma: chupa juu ya kochi, chini leso nyekundu, pembeni maua ya plastiki, imepigwa kutoka juu. Kwa statasi maashallah, ingepata mioyo. Kwa kazi yangu haifai, na sasa ndo pa kueleza kwa nini, maana wateja wengi hapa ndo wanakasirika.

Chupa ya kioo ukiiangalia, unachoona ndani yake ni kilicho nyuma yake. Ikikaa kwenye leso nyekundu, kioo ni chekundu, mafuta nayo yamekuwa mekundu, na yale maandishi ya leso yamepinda yakaingia kwenye shingo ya chupa. Nikikata kando kando vizuri namna gani, ile leso naihamisha nayo, iko ndani. Halafu imepigwa kwa juu, mdomo wa chupa waonekana duara na kitako kimekuwa chembamba, na banna yangu meza yaonekana kwa usawa wa macho, kwa hivyo hiyo chupa ikiketi pale itaonekana yaanguka. Hilo hakuna programu ya kulinyoosha, upande ambao kamera haikuuona haupo.

Nikamwandikia polepole. Akajibu kwa voisi, dakika nzima, yaani: "Mwanangu, mimi nakupigia picha nimepamba na maua, wewe wataka niiweke kwenye karatasi kama picha ya kitambulisho? Watu watanunua kweli?"

Nikamwambia mama, urembo wote naweka mimi, moshi naweka mimi, maua ukitaka naweka. Kutoka kwako nataka chupa tu, ukingo wake na rangi yake ya kweli.

Saa tano unusu yaja picha ya pili. "Nimeshakutolea bakgraundi mwenyewe, mpwa wangu ana app." Nafungua, naona vile viboksi vya kijivu na vyeupe nyuma ya chupa, vile vinavyoonyesha kwamba hapo hamna kitu. Sasa jina la faili laishia na .jpg, na faili ya jpg haina uwezo wa kubeba sehemu tupu, kwa hivyo viboksi vyenyewe vimekuwa ni picha, vimechorwa, na app ilikuwa imekula nusu ya bega la chupa kwa sababu kioo ilikiona ni hewa. Nikacheka peke yangu kisha nikanyamaza maana hapo stima ikapotea, feni ikasimama, na joto la Mombasa mnalijua.

Baada ya adhuhuri, picha ya tatu. Karatasi nyeupe! Nikajua huyu sasa amesikia neno plein, na hapa sasa ndo kuna kitu hata mafundi wenzangu huwa hawasemi wakiomba picha. Plein si lazima nyeupe. Plein ni rangi moja, sawa, lakini rangi gani yategemea picha itakwenda kukaa wapi. Kiatu cheusi kwenye banna nyeupe, omba nyeupe, kazi imeisha. Lakini chupa ya kioo iliyopigwa kwenye nyeupe, kingo zake huwa za kijivu cheusi na katikati yake ni weupe mtupu. Ukiipeleka kwenye maruni nyeusi, kingo zazama hazionekani, na ule weupe wa katikati wabaki kama maziwa. Ukiutoa weupe, chupa yote yapotea unabaki na kifuniko na lebo zaelea hewani.

Kwenye giza, kioo lazima kingo zake ziwe za mwangaza. Na kingo za mwangaza zapatikana ukiipiga mbele ya cheusi na taa ikija kwa ubavu.

Nikampigia simu sasa, meseji hazitoshi. Akanipa kijana wake, mdogo wangu mwenye akili, mikono yake haina haraka. Nikamwambia nunua manila nyeusi, shuka mpaka chumba chenye dirisha moja, funga mlango, zima taa zote na fleshi ya simu usiiguse. Chupa iwe dirisha liko kulia kwake, kwa sababu kwenye banna mwangaza waja kulia, ukija kushoto kila mtu ataona kitu hakiko sawa hata kama hatajua ni nini. Manila isiegemee chupa, irudi nyuma kama nusu mita ili mwangaza wa dirisha usiifikie, ibaki nyeusi kweli. Upande wa kushoto simamisha karatasi nyeupe ya kawaida, karibu na chupa ila isiingie kwenye picha, hiyo ndo itachora ukingo wa pili.

Simu iwe usawa wa katikati ya chupa, iegemeze kwenye vitabu. Usiisogeze karibu, rudi kama mita moja uvute mara mbili, ukikaribia sana kifuniko kinakua kichwa kikubwa. Usitumie ile modi ya kufifisha nyuma, ile yafifisha na kingo za chupa pia, nami kingo ndo nazotaka.

Akatuma. Kingo maridadi, mstari mweupe mwembamba kutoka begani mpaka kitakoni. Lakini mafuta yamekuwa meusi ti, atari ya rangi ya asali imegeuka oili chafu ya gari. Na mama yuko nyuma asema "si nilikwambia nyeupe yatosha?"

Hilo nililingoja. Mafuta hayana mwangaza wa kupita ndani yake, nyuma ni giza. Dawa yake ni hii, na hii naipenda kuliko yote: kata kipande cha kadi nyeupe umbo la chupa yenyewe, lakini kidogo kuliko chupa kila upande, kisimamishe nyuma yake kabisa, kiinamie dirishani kidogo. Kamera haikioni, kimejificha nyuma ya mafuta, ila chadaka mwangaza wa dirisha na kuurudisha kupitia kwenye atari. Kijana akakata kwa mkasi wa duka, mara ya kwanza kikachungulia begani, akapunguza. Mwisho nikamwambia gusa lebo kwenye skrini, kisha teremsha mwangaza mpaka zile herufi za dhahabu zisomeke, kwa sababu simu ikiona kweusi kwingi huongeza mwangaza yenyewe na dhahabu yaungua ikawa nyeupe, na kilichoungua hakirudi.

Ikaja. Wallahi hata mama akanyamaza. Atari yawaka ndani ya chupa.

Ila ilikuja kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, imebanwa, upande mrefu pikseli 1600, na chupa imechukua nusu yake, 800. Ukizitandaza 800 kwenye sentimita 60 wapata kama 34 kwa inchi, mtu akisimama mbele ya banna ataona vumbi. Nikamwambia kijana asogeze fremu chupa ijaze robo tatu, aache nafasi kidogo kila upande asikate kitako, na aitume kama dokyumenti si kama picha. Ikafika pikseli 4000, chupa ina 3000, yaani 127 kwa inchi, kwa banna ya kusimama hiyo yatosha na kubaki.

Sijui saa ngapi hapo, stima ilisharudi, chai ilishapoa, mgongo wauma. Kukata sasa. Kifuniko na lebo nazizunguka kwa Pen Tool nikiwa nimevuta asilimia 300, naingia ndani ya ukingo pikseli moja ili nisibebe mstari wa manila. Mafuta nayo nayakata hivyo hivyo kwa sababu yana rangi yake. Kioo kitupu cha shingo na bega sikikati kabisa. Nachukua kopi ya picha, naiweka juu ya banna kwa modi ya Screen, weusi wote wayeyuka na mistari ya mwangaza yabaki juu ya maruni, na moshi wa udi waonekana nyuma ya kioo, kama ambavyo ungeonekana kweli. Halafu kivuli chini ya kitako, cheusi pale chupa inapogusa meza, chafifia kikienda kushoto. Bila hicho chupa yaelea.

Nilimtumia saa kumi na mbili kasoro. Akasema yuaipenda, halafu hapo hapo: "Mwanangu, sasa hiyo pesa ya kukata ya nini, na sisi tumekuletea plein?"

Nikamwambia mama, mngeniletea ile ya leso ningekutoza mara mbili na chupa ingekuwa nyekundu. Akacheka, akatuma nusu kwa M-Pesa, nusu Ijumaa. Faili ikaenda kwa mtu wa kuchapisha. Kesho anataka tuanze ya chetezo cha fedha, chote chang'aa, ukikipiga wajiona mpaka na simu mkononi. Hicho nimemwambia wasikipige kabisa, wakilete chenyewe.