Kontena la kahawa kutoka Bukavu: jinsi nilivyobadilisha kipengele cha malipo

Mnunuzi wa Ulaya alileta mkataba wa kontena moja la arabika: "Malipo siku 60 baada ya mzigo kufika, yakilindwa na dhamana ya benki." Dhamana inatuliza moyo, lakini hulipa pale tu mnunuzi anaposhindwa kulipa. Kabla ya hapo benki imekaa kimya, na mtaji wangu, ambao wakulima wameshapewa taslimu, umelala.

Nikaomba barua ya krediti inayolipwa papo hapo hati zikionyeshwa. Hapo benki ndiyo mlipaji wa kwanza. Haiangalii kahawa, inaangalia karatasi, na UCP 600, kanuni za kimataifa za barua za krediti, zinaipa siku tano za kazi kuzikagua.

Kazi ilikuwa kwenye rasimu ya barua hiyo. Ilitaka mzigo uwe melini Mombasa ifikapo tarehe 10, ilhali lori linapita Rwanda na Uganda, na mipakani hujui litalala siku ngapi. Tukasogeza hadi tarehe 30. "Kilo 19,200" ikawa "takriban kilo 19,200", neno ambalo kwa kanuni hizo linaruhusu asilimia 10 juu au chini. Tukaliweka na kwenye kiasi cha fedha, maana likikaa kwenye uzito peke yake, kilo za ziada hazilipwi.

Mnunuzi alinung'unikia gharama. Tukakubaliana za benki yake alipe yeye, za huku nilipe mimi. Dhamana tumeibakiza kwa mauzo ya magunia machache ya kila mwezi, ambako kufungua krediti kila mara kungekula faida yote.